Mstari Mmoja, Picha Nne

Mwaka 1973 jarida la chama cha watakwimu wa Marekani lilichapa makala ya kurasa tano. Mwandishi wake, Francis Anscombe, alikuwa Mwingereza aliyesomea Cambridge kisha akavuka bahari, na miaka kumi nyuma alikuwa ameanzisha idara ya takwimu katika Chuo Kikuu cha Yale. Ndani ya makala hiyo aliweka jedwali dogo la namba: seti nne, kila seti ikiwa na jozi 11 za x na y. Namba zenyewe hazikupimwa shambani wala maabara. Alizitunga, na katika kuzitunga akatega mtego.

Ukizipeleka seti hizo kwenye kikokotoo moja baada ya nyingine, utadhani umepitiwa ukaingiza seti ileile mara nne. Wastani wa x ni 9 katika zote. Wastani wa y ni 7.5 katika zote. Mstari ulionyooka unaozifaa zaidi nukta za kila seti ni huu huu mmoja:

```
y = 3 + 0.5x
```

Maana yake ni kwamba x ikiongezeka kwa 1, y inaongezeka kwa nusu, na x ikiwa 0 mstari unaanzia kwenye 3. Kile kipimo cha jinsi x na y zinavyofuatana, ambacho kwa mistari inayopanda huanzia 0 zisipofuatana kabisa na kufikia 1 nukta zote zikilala juu ya mstari, nacho ni 0.82 kote. Programu ya takwimu itaongeza kwamba, kama kweli x na y hazina uhusiano wowote, mwinuko wa kiasi hiki ungejitokeza kwa bahati tu mara 2 hivi katika 1000. Itasema hivyo kwa seti zote nne, bila kusita.

Sasa zichore. Seti ya kwanza ni wingu la nukta linalopanda kutoka kushoto kwenda kulia, kama ambavyo mtu angetazamia. Ya pili ni upinde laini, mfano wa chungu kilichofudikizwa. Ya tatu ni nukta kumi zilizojipanga kama askari wa gwaride, na ya kumi na moja imeruka juu peke yake. Ya nne ni mnara: nukta kumi zimesimama wima zikibebana, na moja iko mbali kulia, imejitenga. Mtoto wa darasa la tano angekwambia kwamba hizi ni picha nne zisizofanana.

Inakuwaje hesabu isione kitu ambacho mtoto anakiona?

Jibu limo katika namna mstari unavyotafutwa. Mbinu inayotumika ilichapwa na Mfaransa Legendre mwaka 1805, nayo ni rahisi kuieleza. Weka mstari wowote juu ya nukta zako. Kwa kila nukta, pima umbali wa wima kutoka kwenye nukta hadi kwenye mstari. Uzidishe umbali huo kwa wenyewe, yaani utafute mraba wake, kisha jumlisha miraba yote. Mstari unaoshinda ni ule ambao jumla yake ni ndogo kuliko ya mingine yote.

Huhitaji kujaribu mistari elfu. Ukifanya hesabu hadi mwisho unagundua kwamba jibu linategemea jumla chache tu: jumla ya x zote, jumla ya y zote, jumla ya miraba ya x, na jumla ya kila x ikizidishwa kwa y yake. Ukitaka na kile kipimo cha kufuatana, ongeza jumla ya miraba ya y. Basi. Katika seti zote nne za Anscombe jumla hizo tano, ukiacha tofauti ndogo za desimali, ni 99, 82.5, 1001, 797.5 na 660.

Tazama kilichotokea hapo. Ulikuja na namba 22, ukaziweka kwenye mashine, zikatoka tano. Kuanzia hapo mashine haikumbuki tena nukta ipi ilikuwa wapi. Ni kama kupima magunia manne kwenye mizani. La kwanza lina mchele, la pili mahindi, la tatu mkaa, la nne kokoto, na kila moja mizani inasema kilo 50. Mizani haijadanganya. Imejibu swali la uzito, na hakuna aliyeiuliza kuna nini ndani. Na kama ambavyo kuna njia nyingi za kujaza gunia hadi lifike kilo 50, ndivyo zilivyo nyingi mno njia za kupanga nukta 11 zikatoa jumla hizo tano. Anscombe alichagua nne tu.

Seti ya kwanza tuipite haraka, kwani haina shida. Nukta zimetawanyika juu na chini ya mstari bila mpango. Penye x ya 12 nukta iko juu ya mstari kwa 1.84, penye 13 iko chini kwa 1.92, penye 14 imekaa karibu juu yake kabisa. Hapa sentensi ya "x ikiongezeka kwa 1, y inaongezeka kwa nusu, kwa kukadiria" ni sentensi ya haki.

Ya pili ndiyo ningependa uchukue daftari la miraba uichore mwenyewe. Nimezipanga upya namba zake kuanzia x ndogo, ili penseli isirukeruke:

```
x:  4     5     6     7     8     9     10    11    12    13    14
y:  3.10  4.74  6.13  7.26  8.14  8.77  9.14  9.26  9.13  8.74  8.10
```

Nukta zinapanda kwa kasi, zinapunguza mwendo, zinafika kileleni penye x ya 11, halafu zinaanza kushuka. Ni habari ya chumvi kwenye mchuzi: ukiongeza unakolea, ukiongeza tena unakolea zaidi kidogo, na ukiendelea mkono unaharibu chungu kizima. Mstari wa nusu kwa moja haujui habari ya kilele. Ukiuliza y itakuwa ngapi x ikifika 20, utakujibu 13. Upinde wenyewe, ukiendelezwa jinsi ulivyo, hapo unakuwa umekwisha shuka chini ya 0. Pengine upinde nao hautadumu hadi huko, lakini hakuna chochote katika nukta hizi kinachoelekea 13. Na hata bila kwenda mbali, mtu anayeambiwa "ongeza, kila nyongeza inaleta nusu" wakati amekwisha kufika kwenye 12 anapewa ushauri wa kinyume kabisa na ule ambao data inautoa.

Kuna njia ya kulikamata kosa hili hata kama umeshatangulia kuweka mstari. Kwa kila nukta, toa thamani ya mstari kutoka kwenye thamani halisi. Kinachobaki watakwimu wanakiita masalio. Penye x ya 4 mstari unasema 5 na data inasema 3.10, kwa hiyo salio ni hasi 1.90. Endelea hivyo hadi mwisho na utapata safu hii:

```
-1.90  -0.76  0.13  0.76  1.14  1.27  1.14  0.76  0.13  -0.76  -1.90
```

Isome kutoka kushoto, kisha isome kutoka kulia. Ni ileile. Masalio ya mstari unaofaa huwa kama makombe yaliyomwagwa mchangani, hayana mpangilio wa kukuwezesha kubashiri linalofuata. Haya yanapanda ngazi hadi katikati na kuteremka kwa ngazi zilezile. Mpangilio ukibaki kwenye masalio, ujue mstari umeacha nyuma kitu ambacho ungepaswa kukibeba. Anscombe alilijua somo hili kwa undani. Mwaka 1963 yeye na John Tukey, mtakwimu mwingine mashuhuri aliyekuwa pia mwenzake wa ukoo kwa sababu wake zao walikuwa ndugu, walichapa makala nzima juu ya kuchunguza masalio. Nafikiria mazungumzo ya meza ya chakula katika familia hiyo na kuwaonea huruma wale dada wawili.

Lakini masalio hayaokoi kila seti, na hapo ndipo ya nne inapokuwa na ubaya wa pekee. Katika seti hiyo nukta kumi zote zina x ya 8. Y zake zinaanzia 5.25 hadi 8.84, na wastani wake ni 7. Nukta ya kumi na moja ina x ya 19 na y ya 12.50. Mstari hauna hiari. Penye 8 lazima upite kwenye wastani wa zile kumi, yaani 7, na penye 19 hauna pa kupita isipokuwa juu ya nukta yenyewe, kwa kuwa iko peke yake. Kutoka 7 hadi 12.5 ni 5.5, kutoka 8 hadi 19 ni 11, gawanya upate nusu. Mwinuko wote wa mstari, ule ambao programu ilituhakikishia kwamba si wa bahati, umetoka kwenye nukta moja.

Ili uone ukubwa wa jambo hili, isogeze nukta hiyo. Ishushe hadi y iwe 7 na mstari unalala chali. Hakuna uhusiano tena. Ishushe zaidi hadi 1.5 na mstari unageuka kuteremka, hasi nusu. Zile kumi nyingine hazina kauli. Ifute kabisa na huwezi kupata mwinuko wowote, kwa sababu x haibadiliki na huna cha kulinganisha. Ni sawa na kupima urefu wa watoto kumi wa miaka minane na kijana mmoja wa miaka kumi na tisa, kisha ukatangaza jinsi binadamu anavyokua kila mwaka. Kama kijana uliyempata ni mfupi wa kurithi, kwa hesabu yako binadamu wote wanadumaa.

Na salio la nukta hiyo ni ngapi? Ni 0. Mstari unapita juu yake barabara, kwa hiyo mtu anayewinda kosa kwa kutafuta salio kubwa ataipita nukta iliyoshika usukani kana kwamba ndiyo njema kuliko zote. Ziko namba maalumu zinazopima nguvu ya nukta moja juu ya mstari, na programu nzuri huzitoa zikiombwa. Tatizo ni lile neno "zikiombwa". Ni nani ataziomba kama hajashuku, na atashuku vipi kama hajaona?

Hii ndiyo sababu ya kuchora kwanza, si baadaye kama pambo la ripoti. Kuweka mstari ni kujibu swali la "mwinuko ni kiasi gani?" Swali hilo tayari limekubali kimyakimya mambo kadhaa: kwamba uhusiano umenyooka, kwamba nukta zote ni za kundi moja, kwamba x zimetawanyika vya kutosha kusema lolote. Picha ndiyo inayokuonyesha kama unaruhusiwa kuuliza. Nina ushauri mwingine mdogo uliotokana na kujikwaa kwangu mwenyewe: chora nukta tupu, bila mstari juu yake. Mstari ukishakuwepo jicho linaufuata, na zile nukta za pembeni zinaanza kuonekana kama makosa madogo ya kusamehewa.

Wakati Anscombe anaandika, kuchora kulikuwa na gharama ambayo leo tumeisahau. Kompyuta za vyuo zilitema kurasa za tarakimu kwa dakika chache, ilhali grafu ilikuwa kazi ya rula na subira. Fikra iliyotawala, na ambayo alianza makala yake kwa kuishambulia, ilikuwa kwamba hesabu za namba ndizo kamili na picha ni za kukisia tu, na kwamba kupiga hesabu tata ni wema ilhali kuitazama data yenyewe ni udanganyifu. Alitaka kompyuta itoe vyote viwili, hesabu na grafu, na vyote visomwe.

Leo grafu inagharimu kubonyeza mara mbili, na bado kuna mahali pa kuteleza. Kwenye jedwali la Excel, andika x kwenye safu A na y kwenye safu B, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 12. Mwinuko utaupata hivi, na mahali mstari unapoanzia hivi:

```
=SLOPE(B2:B12,A2:A12)
=INTERCEPT(B2:B12,A2:A12)
```

Kabla ya hapo chagua safu zote mbili na uingize grafu ya aina ya `Scatter`. Usichague ile ya `Line`, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu ya jina lake. Hiyo huzichukua x kama majina tu na kuzipanga kwa nafasi sawa, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa seti ya nne madhara yake ni makubwa: ile 19 itakaa bega kwa bega na 8 zake kana kwamba ni jirani, na mnara ulioutafuta hautauona. Utakuwa umechora, na hujaona kitu.

Picha nayo ina mipaka, na ni haki kuitaja. Namba zikiwa laki kadhaa, nukta zinalaliana hadi ukurasa unakuwa doa jeusi. Hapo huna budi kuchora sehemu tu ya data, au kuifanya wino iwe hafifu ili palipo na msongamano paonekane peusi zaidi. Vipimo vikiwa sita au saba kwa pamoja, karatasi yenye pande mbili haitoshi, na masalio yanarudi kuwa msaada mkubwa. Na jicho lenyewe ni la kupenda hadithi. Likipewa nukta 11 za kubahatisha litaona mkia wa samaki au njia ya mlimani. Kwa hiyo umbo unaloliona kwenye nukta chache ni la kushuku na kwenda kupima zaidi. Usilitangaze bado.

Nimeiacha seti ya tatu makusudi, kwa sababu kuiona ni rahisi na kuamua la kufanya ni vigumu. Nukta kumi zake zimelala juu ya mstari mmoja, karibu bila hata nywele kupenya, lakini mstari huo si wa nusu. Ni huu:

```
y = 4 + 0.346x
```

Ya kumi na moja iko penye x ya 13. Kwa mstari wa wenzake ingekuwa na y ya 8.50 hivi, yenyewe ina 12.74. Kwa kuwa mbinu ya Legendre hupima miraba, umbali mkubwa unalipiwa faini kubwa mno, na mstari unanyanyuka kwenda kuifuata nukta hiyo ili kupunguza faini. Hata baada ya kunyanyuka, nukta hiyo moja inabeba zaidi ya robo tatu ya jumla yote ya miraba iliyobaki. Wenzake kumi wanaachwa na mstari usiowafaa wengi wao vizuri: upande wa kushoto wako juu yake kidogo, na kadiri unavyokwenda kulia wanazidi kuzama chini.

Mkono unawasha kuifuta. Pengine ni kosa la kalamu, mtu alitaka kuandika 8.47 akaandika kingine. Lakini pengine siku ile mvua ilinyesha, au mizani ilibadilishwa, au nukta hiyo ndiyo habari pekee mpya katika data nzima na hizo kumi zilikuwa zinajulikana tangu zamani. Grafu haiwezi kukuambia lipi ni lipi. Anscombe aliwahi kuandika mwaka 1960 kwamba kanuni ya kutupa nukta za ajabu ni kama bima ya moto: unalipa ada kila mwaka, yaani unakubali mara nyingine kutupa nukta nzuri isiyo na hatia, ili siku nyumba ikiungua usipoteze kila kitu. Mwenye bima anapaswa kujua ada yake ni kiasi gani. Anayefuta nukta kwa kuwa imeharibu picha hajui hata kwamba amelipa.

Kwa hiyo mtu mwangalifu anarudi kwanza kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa siku ile, na kumuuliza aliyepima. Akikuta kosa, analisahihisha na kuandika kwamba amelisahihisha. Asipolikuta, anatoa mistari yote miwili, 3 + 0.5x kwa nukta 11 na 4 + 0.346x kwa nukta 10, anaiweka na picha kando yake, na anaitaja ile nukta ya 13 kwa namba zake kamili ili msomaji naye aitazame.